Uzi: Baruapepe ya Kifaransa ya kuwakutanisha wataalamu wawili. Nani atajwe kwanza, na nani aanze kuandika?

1. Mfugaji wa Vizimba (Kisumu)

Wanajukwaa, salaam. Hapa Kisumu ninafahamiana na mhandisi mmoja, mama, ambaye kazi yake ni kupima oksijeni iliyoyeyuka majini kuzunguka vizimba vya ngege. Ninafahamiana pia na mkurugenzi wa idara moja ya uvuvi huko Bukavu, ambaye tulikutana mkutanoni hapa mjini na ambaye anapanga kuweka vizimba vya majaribio katika ghuba mojawapo ya Ziwa Kivu. Mhandisi hajui Kifaransa, na mkurugenzi hana Kiingereza cha kuandikia mambo ya kazi. Kwa kuwa mimi nina Kifaransa cha shuleni, nimeandaa rasimu inayoanza na «Cher Monsieur» na jina lake la ukoo, kisha «Je voudrais vous introduire Madame…».

Kabla sijaituma, naomba msaada katika mambo mawili. Kwanza, kati ya hao wawili ni nani anayestahili kutajwa mwanzo? Pili, niifunge vipi ili waendelee wenyewe, nisigeuke tarishi wa kubeba ujumbe kati ya Kisumu na Bukavu?

2. Dereva wa Busia

Ndugu, mbona unajitafutia kazi? Bukavu wanazungumza Kiswahili tangu enzi za mababu. Mpigie simu huyo mkubwa, mkabidhi mama simu, waongee. Mimi huvuka mipaka kila mwezi na sijawahi kuhitaji «bonjour» kupita ile ya kumsalimu askari.

3. Mkalimani wa Milimani

Dereva ana haki katika mazungumzo ya mdomo, na ningemshauri mwanzisha uzi apige simu kwanza ili kupata ridhaa. Lakini mkurugenzi wa idara ya serikali ana wakubwa wake. Baruapepe hiyo huenda ikachapishwa, ikatiwa kwenye faili na kupelekwa kwa yule anayeidhinisha safari na matumizi, na faili za ofisi katika Kongo huandikwa kwa Kifaransa. Simu itawafanya hao wawili wafahamiane, lakini haitampa mkurugenzi karatasi ya kuonyesha.

Sasa rasimu. Ondoa «introduire», kwa sababu Mfaransa hulitumia neno hilo kwa ufunguo unaoingizwa katika kitasa au bidhaa inayoletwa sokoni. Mtu hutambulishwa kwa «présenter», na tendo la kuwaunganisha watu wawili wa kazi huitwa «mise en relation», maneno ambayo unaweza kuyaweka moja kwa moja kwenye mstari wa mada. Ondoa pia jina la ukoo baada ya «Cher Monsieur», kwa sababu adabu ya barua za Kifaransa haiambatanishi mwito na jina. Mtu mwenye cheo huitwa kwa cheo chake: «Monsieur le Directeur», kisha mkato, kisha mstari mpya unaoanza kwa herufi kubwa.

Lenye uzito zaidi ni «vous». Neno hilo humhusu mtu mmoja unayemheshimu, na pia huwahusu watu wawili au zaidi. Katika baruapepe inayosomwa na watu wawili, ukiandika «je vous présente Madame A.», mkurugenzi anaelewa kwamba unazungumza naye, ilhali mama naye, ambaye barua imeelekezwa kwake vilevile, anajikuta akisimuliwa kama mtu asiyekuwepo. Kinga yake ni kumpa kila mmoja aya yake, na kila aya ianze kwa kumwita mwenyewe: «Monsieur le Directeur, …» halafu «Madame, …». Hapo «vous» haina pa kupotelea.

4. Mwanafunzi wa Maseno

Asanteni kwa uzi huu. Mimi pia nahitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya mafunzo kazini, na ofisi niliyoomba nafasi inataka mhuri wa chuo. Je, barua hiyo nayo inaweza kuandikwa kwa Kifaransa, au ni kwa wageni tu?

5. Mkalimani wa Milimani

Mwanangu, hiyo ni barua nyingine. Wewe unahitaji barua ya kuthibitisha kwamba u mwanafunzi, nayo huandikwa na chuo kwa lugha ya ofisi inayokupokea. Hapa tunazungumzia mtu wa tatu anayewakutanisha wawili ambao anawafahamu wote. Fungua uzi wako, tutakuja.

6. Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Nimefundisha Kifaransa miaka mingi, na swali la kwanza halihitaji mjadala mrefu: mwanamke hutangulia. Ndiyo maana barua za Kifaransa husema «Madame, Monsieur» wala si kinyume chake. Kwa hiyo mama atajwe kwanza, mkurugenzi afuate.

Kuhusu kufunga, nasikitika kuona vijana wakimaliza na «Cordialement» kana kwamba wanamwandikia rafiki wa mtaani. Mwandikie hivi: «Dans l'attente de votre réponse, veuillez agréer, Monsieur le Directeur, l'expression de mes salutations distinguées.» Sentensi hiyo haijawahi kumwangusha mtu.

7. Karani Aliyekuwa Bujumbura (sasa Nakuru)

Mwalimu, shikamoo. Kuhusu nani atangulie, sikubaliani nawe. «Madame, Monsieur» ni mwito unaotumika pale usipojua ni nani atakayefungua barua. Hapa tunawajua wote wawili, na mmoja ana cheo. Katika ofisi nilizofanyia kazi, cheo kilikuwa mbele ya yote, na barua iliyomweka mkurugenzi kwenye mstari wa pili ingesomwa kama dharau hata kama mwandishi alikuwa na nia njema kabisa. Huko kwetu hata kwenye mstari wa mada wengi waliandika «Concerne» badala ya «Objet», desturi iliyobaki kutoka kwa Wabelgiji, na chini ya barua kulikuwa na orodha ya wakubwa walionakiliwa, kila mmoja na cheo chake kamili. Mtu aliyezoea karatasi za namna hiyo huanza kuhesabu vyeo kabla hajasoma habari yenyewe.

8. Mkalimani wa Milimani

Mwalimu na Karani wote wana hoja, kwa sababu hapa kanuni mbili zinagongana. Adabu ya zamani ya Kifaransa humtambulisha mdogo kwa mkubwa, na mwanamume kwa mwanamke. Yule anayetambulishiwa mwenzake ndiye anayepewa heshima, maana yeye ndiye anayeelezwa mgeni ni nani. Herufi moja tu hubadilisha mambo: «je vous présente Mme A.» humpa mkurugenzi heshima hiyo, lakini «je vous présente à Mme A.» inamtoa mkurugenzi mwenyewe apelekwe mbele ya mama. Kanuni ya cheo ingechagua sentensi ya kwanza, kanuni ya jinsia ingechagua ya pili. Mimi ningefuata cheo kwa sababu ni barua ya kazi, lakini nimewaona Wafaransa wenyewe wakibishana kuhusu jambo hili hili.

Mwalimu, ruhusu nikuguse kidogo kwenye ile tamati. «Dans l'attente» inamhusu anayesubiri, naye ni mwandishi, lakini «veuillez agréer» inamwamuru msomaji. Kwa hiyo sentensi yako inamfanya mkurugenzi asubiri jibu lake mwenyewe. Ukitaka kuanza na kusubiri, endelea kwa «je vous prie d'agréer», ili mwenye kusubiri na mwenye kuomba wawe mtu mmoja. Wako pia wanaosema kwamba salamu hazina «expression»: kinachoelezwa ni hisia, salamu zenyewe hupokelewa tu, kwa hiyo yatosha kuandika «mes salutations distinguées».

9. Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Hilo la «dans l'attente» nalikubali, ni kosa ambalo nililisahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi. La «expression» silikubali. Limeandikwa na watu wenye heshima zao kwa vizazi vingi, na lugha ni ya wanaoitumia.

10. Binti wa Usenge

Mmebishana kuhusu heshima hadi samaki wamesahauliwa. Mimi ninafanya kazi kwenye vizimba, na ningependa kuuliza: huyo mkurugenzi ataelezwa nini kinachomfanya amhitaji mama huyu na si mtu mwingine yeyote? Nikisoma barua za namna hii naona zimejaa «kubadilishana uzoefu» na «ushirikiano wenye manufaa kwa pande zote», na mpokeaji hajui aanze kwa kuuliza nini.

Sababu ipo wazi, iandikwe. Katika ghuba yetu ya Nyanza maji si ya kina kirefu, na upepo ukiyapindua, maji ya chini yasiyo na oksijeni hupanda hadi kwenye vizimba. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, ngege huacha kula na kuja juu kuhema, na wakikaa hivyo muda mrefu unawaokota wakielea. Hali huwa mbaya zaidi kabla ya mapambazuko, kwa kuwa mwani hutumia oksijeni usiku kucha bila kuitengeneza. Anayepima saa nne asubuhi anapata namba nzuri na bado anapoteza samaki. Ziwa Kivu nalo lina tatizo lake: tabaka la juu lenye oksijeni hufika takriban mita 60 wakati wa kiangazi na hupungua wakati wa mvua, na chini yake hakuna oksijeni, kuna kaboni dioksidi na methani nyingi iliyoyeyuka. Mtu anayechagua ghuba ya kuweka vizimba huko anahitaji kujua apime kina gani na saa ngapi. Basi swali hilo ndilo liwe sababu ya mawasiliano, kwa sentensi mbili, si zaidi.

Jambo lingine ni majina. Sisi tukisikia Atieno au Otieno, Nafula au Wafula, tunajua mara moja ni mwanamke au mwanamume. Mtu wa Bukavu hatajua, na Kifaransa kitamlazimisha achague «Monsieur» au «Madame» kwenye jibu lake. Tena mama anaweza kuwa na jina la mwisho Odhiambo kwa sababu ni la baba au la mume. Andika «Mme» mbele ya jina mara ya kwanza kabisa, na cheo chake kiwe «ingénieure» chenye herufi ya kike mwishoni.

11. Karani Aliyekuwa Bujumbura (sasa Nakuru)

Dada wa Usenge amenikumbusha upande wa pili wa majina. Mkongomani mara nyingi huandika jina la ukoo kwanza, kisha lile wanaloliita «postnom», kisha jina la ubatizo mwishoni, au bila hilo la mwisho, kwa kuwa mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo na watu wakajaza nafasi kwa ya asili. Usichukue neno la mwisho ukadhani ndilo la ukoo kama tufanyavyo Kenya. Tazama anavyotia sahihi mwenyewe ukamfuate. Pia kifupi cha «Monsieur» ni «M.» yenye nukta. Hiyo «Mr» tuliyozoea ni ya Waingereza, na kifupi chochote kile hakitumiki unapomwita mtu mwenyewe, bali unapomtaja kwa mwenzake.

12. Mchuuzi wa Mbale

Nimekaa kimya nikisoma, ila swali la pili la mwenye uzi halijajibiwa. Ofisi moja niliyoshirikiana nayo iliniunganisha na msambazaji wa nyavu za kuvulia kutoka Burundi. Barua ilikuwa safi, vyeo vyote mahali pake, na mwisho iliandikwa «je vous laisse prendre contact». Mimi nikasubiri aniandikie, kwa sababu yeye ndiye muuzaji. Yeye akasubiri nimwandikie, kwa sababu mimi ndiye niliyetafuta bidhaa. Tulipokutana baadaye Kisumu, kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mtu wa majivuno. Ile «vous» ya Mkalimani ilitugusa sote na haikumtuma yeyote.

13. Dereva wa Busia

Na mngepigiana simu je?

14. Mchuuzi wa Mbale

Dereva, namba zenyewe hazikuwekwa kwenye barua.

15. Mfugaji wa Vizimba (Kisumu)

Nawashukuru nyote. Nimewapigia wote wawili simu jana na wamekubali anwani zao zitolewe. Nimeiandika upya kama ifuatavyo, majina nimeyaficha.

```
Objet : Mise en relation – mesure de l'oxygène,
cages des lacs Victoria et Kivu

Monsieur le Directeur,
Madame,

Comme convenu avec chacun de vous, je vous mets
en relation.

Monsieur le Directeur, Mme A., ingénieure à Kisumu,
mesure l'oxygène dissous autour des cages à tilapia
du golfe de Nyanza, à plusieurs profondeurs et
avant l'aube.

Madame, M. B. dirige à Bukavu un service qui prépare
des cages pilotes dans une baie du lac Kivu. Il
souhaite savoir où et à quelle heure mesurer avant
de choisir le site.

Mme A. écrira la première à M. B. cette semaine,
en swahili, et joindra un mois de relevés.

Je vous laisse poursuivre sans moi.

Bien cordialement,
```

Nimemteua mama aanze kwa sababu yeye ndiye mwenye vipimo mkononi. Nimetaja Kiswahili kwa sababu ya alichosema Dereva. Kuna la kurekebisha?

16. Mkalimani wa Milimani

Imekaa vizuri. Neno «convenu» linaeleza kwamba ridhaa imeshapatikana, na hilo humwondolea mkurugenzi wasiwasi kwamba anwani yake inasambazwa ovyo. «Écrira la première» inamtaja mtu mmoja na wiki moja, kwa hiyo yaliyompata Mchuuzi hayatajirudia hapa.

Ningebadilisha «sans moi», maana inasikika kama mtu anayefunga mlango. Andika «il ne sera pas nécessaire de me garder en copie». Kwa njia hiyo unawapa ruhusa ya kukuondoa kwenye nakala, wala huonekani umechoka nao.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Aya inayoanza «Madame» inamwambia mama habari ambazo hawezi kuzisoma. Weka toleo la Kiswahili chini ya lile la Kifaransa, katika baruapepe hiyo hiyo, kwa vile wote wawili wanakisoma.

17. Karani Aliyekuwa Bujumbura (sasa Nakuru)

Hapo kwenye Kiswahili chini nina shaka. Barua ikitiwa kwenye faili, mkubwa wa Kinshasa asiyejua Kiswahili atajiuliza kama maandishi ya chini yanasema yale yale au yameongeza neno. Afadhali mama aandikiwe ujumbe wake peke yake kwa Kiswahili, na ule wa Kifaransa ubaki safi. Kadhalika, «Bien cordialement» kwa mkurugenzi ambaye mmekutana mkutanoni tu ni nyepesi mno. Ningeandika «Veuillez agréer, Monsieur le Directeur, Madame, l'assurance de ma considération distinguée», nikirudia mwito ule ule uliofungulia barua.

18. Mwalimu Mstaafu (Kakamega)

Karani, hapo tuko pamoja. Ila «Madame» ingetangulia.

19. Binti wa Usenge

Mwalimu bado hajasalimu amri!

Mimi nina la vitendo. Vipimo vya mwezi mmoja visitumwe kama picha za daftari. Viwe jedwali lenye tarehe, saa, kina kwa mita, joto la maji na oksijeni, na vichwa vya safu viandikwe kwa Kifaransa kwa sababu jedwali ndilo litakalozunguka ofisini kuliko barua yenyewe. «Profondeur (m)» na «oxygène dissous (mg/l)» zinatosha. Desimali nazo ziangaliwe: sisi tunaandika 3.2, wao huandika 3,2. Ukilifungua jedwali letu kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kifaransa, 3.2 inaweza kusomwa kama tarehe ya mwezi wa pili. Nimeliona hilo kwa macho yangu kwenye jedwali la mwenzetu wa Burundi, safu nzima ya oksijeni ikiwa imegeuka tarehe.

20. Mfugaji wa Vizimba (Kisumu)

Nitamweleza mhandisi kuhusu desimali leo. Ujumbe wa Kiswahili nitampelekea peke yake kama alivyosema Karani, na «sans moi» nimeiondoa. Kuhusu tamati bado nasitasita: mkurugenzi mwenyewe aliniandikia ujumbe mfupi baada ya mkutano na akamalizia «Bien à vous».

21. Mkalimani wa Milimani

Kama yeye amekuandikia hivyo, basi ameshakuonyesha kiwango anachokubali, na «Bien cordialement» haitamkwaza. Lakini kumbuka kwamba hapo alikuandikia wewe, na barua hii ina mtu wa pili ambaye hajawahi kukutana naye.

22. Karani Aliyekuwa Bujumbura (sasa Nakuru)

Na faili.

23. Dereva wa Busia

Ikipita wiki bila jibu, mniambie. Ninapakia mzigo wa Bukavu mwisho wa mwezi, naweza kumpelekea hilo jedwali limechapishwa, desimali zikiwa kwa wino.